Jedwali la Dalali: Leo Nimpigie Nani?

Dalali wa nyumba Dar es Salaam hakosi watu wa kumuulizia. Wanapiga asubuhi akiwa kwenye daladala, wanatuma ujumbe wa WhatsApp akiwa anamwonyesha mwingine chumba Sinza, wanamsimamisha kijiweni jioni wakitaka fremu ya biashara Mwenge. Ukifungua simu yake utakuta wamehifadhiwa kwa majina kama "Mteja Sinza", "Mteja Sinza 2" na "Dada Chumba Masta". Baada ya wiki tatu hakumbuki tena yule wa pili alikuwa na bajeti gani, wala kwamba alisema apigiwe mwisho wa mwezi. Mteja huyo hupanga kwa dalali mwingine, na kodi ya mwezi mmoja, ambayo kwa desturi ya mji huu ndiyo malipo ya dalali, inakwenda mfuko mwingine.

Wengi wana daftari la kaunta, na daftari si kitu cha kudharau. Kasoro yake ni moja tu, lakini ni kubwa: ukurasa wa tarehe 3 haujifungui wenyewe tarehe 25, siku ambayo mteja alisema atakuwa na fedha. Hapo ndipo lahajedwali ya kwenye simu inapolizidi daftari. Inaweza kupanga upya watu wote kwa tarehe na kuwaleta mbele wale wa leo. Kwa hiyo jedwali zuri la dalali halijengwi ili kuhifadhi habari nyingi iwezekanavyo. Linajengwa ili kila asubuhi lijibu swali moja: leo nimpigie nani, na nimwambie nini? Safu yoyote isiyosaidia kujibu swali hilo, au kueleza mwisho wa mwezi fedha ilitoka wapi, inaweza kungoja.

Nitatumia Google Sheets, kwa kuwa ni ya bure na inafunguka kwenye simu. Jedwali ni vyema lijengwe mara moja kwenye kompyuta, hata ya kuazima au ya duka la intaneti, kisha kazi ya kila siku ifanyike kwenye simu. Kwenye simu chagua pia `Make available offline`, kwa maana nyumba nyingi tunazoonyesha ziko mahali ambapo mtandao unakatika.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuweka kila kitu kwenye karatasi moja. Wanaandika jina la mteja, halafu safu ya "Nyumba ya 1", "Nyumba ya 2", "Nyumba ya 3". Kwa wiki moja inapendeza. Kisha anakuja mteja wa kuonyeshwa nyumba sita, safu zinakwisha, na maneno yake kuhusu kila nyumba yanabanwa kwenye kisanduku kimoja kisichosomeka. Tatizo liko kwenye mambo yenyewe. Mteja ni mmoja, lakini yanayotokea kwake ni mengi, na idadi yake haijulikani mapema. Dawa ni karatasi mbili ndani ya faili moja. Ya kwanza iitwe Wateja, mtu mmoja mstari mmoja. Ya pili iitwe Matukio, na kila simu, kila kuonyesha na kila malipo yapate mstari wake.

Karatasi ya Wateja ina safu hizi, kuanzia A: Namba, Aliingia, Jina, Simu, Chanzo, Anachotaka, Hatua, Kufuatilia, Cha kufanya. Namba ni jina fupi la mteja, kama W-014, na ndiyo inayounganisha karatasi mbili. Chanzo ni pale alipokupata: bango, Instagram, stetasi ya WhatsApp, mteja wa zamani, dalali mwenzako. Kufuatilia ni tarehe, na Cha kufanya ni maneno machache ya kueleza tarehe hiyo ni ya nini. Karatasi ya Matukio ina safu tano tu: Tarehe, Namba ya mteja, Tukio, Nyumba, Alichosema.

Kabla ya kuandika mteja wa kwanza, kuna mambo mawili ya kurekebisha. Yanaonekana madogo, lakini yameua majedwali mengi. La kwanza ni namba za simu. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, jedwali linadhani ni hesabu na kuifuta sifuri, hivyo 0754 inabaki 754. Chagua safu nzima ya D, kisha `Format > Number > Plain text`, na sifuri itakaa.

La pili ni tarehe, na hili ni hatari zaidi kwa sababu halionekani. Faili likiwa na mpangilio wa Marekani, 03/04 inasomwa kuwa Machi 4, si Aprili 3 kama tunavyoandika sisi. Nenda `File > Settings > Locale` uchague nchi inayotanguliza siku, mfano `United Kingdom`. Halafu ukiandika "kesho" au "mwisho wa mwezi" kwenye safu ya Kufuatilia, jedwali litalichukua kama neno, si siku, na mteja huyo hatatokea kwenye orodha yoyote. Hutapewa onyo, atapotea kimya kimya. Dalili yake ni hii: tarehe halisi hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, na neno hukaa kushoto. Kinga yake iko kwenye `Data > Data validation`, ukichagua `Is valid date` pamoja na `Reject the input`, ili safu ikatae kitu kisicho tarehe.

Safu ya Hatua isiandikwe kwa mkono. Iwe orodha ya kuchagua, kupitia `Insert > Dropdown`, maana mtu akiandika leo "amelipa", kesho "kalipa", keshokutwa "tayari", hakuna hesabu itakayotoka. Mimi naona hatua tano zinatosha: Mpya, Kuonyeshwa, Kuamua, Amelipa, Ametoka. Muhimu ni kila neno liwe na maana moja isiyosogea. Mpya ni aliyeuliza na bado hajaona nyumba. Kuonyeshwa ni anayeendelea kuona. Kuamua ni aliyeipenda nyumba fulani na kuna kitu kimoja kinachomzuia, ambacho unakijua. Amelipa maana yake fedha imefika na mkataba umesainiwa. Anayesema "hiyo nimeichukua, kesho naja na hela" bado ni Kuamua, hata awe amesema kwa kiapo. Ametoka ni aliyeacha kutafuta, aliyepata kwingine, au asiyepokea simu tena, na sababu iandikwe kwenye Matukio.

Sasa kanuni inayobeba jedwali zima: mteja yeyote ambaye hajawekwa Ametoka lazima awe na tarehe mbele yake kwenye safu ya Kufuatilia. Hata aliyelipa. Ili usitegemee kumbukumbu, chagua mistari yote ya Wateja kuanzia wa pili, nenda `Format > Conditional formatting`, kisha `Custom formula is`, uandike hivi na kuchagua rangi nyekundu:

```
=AND($D2<>"",$H2="",$G2<>"Ametoka")
```

Mstari wenye namba ya simu, usio na tarehe, na usio wa Ametoka, utageuka mwekundu mpaka uujaze. Baada ya hapo ongeza karatasi ya tatu, Leo, na kwenye kisanduku A2 weka fomula moja:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(Wateja!A2:I,
 Wateja!H2:H<>"",Wateja!H2:H<=TODAY()),
 8,TRUE),"Hakuna wa leo")
```

Inachota kila mteja ambaye tarehe yake ni leo au imeshapita, na kumtanguliza aliyecheleweshwa zaidi. Ukiona namba kama 45719 mahali pa tarehe, jedwali halijaharibika. Ndivyo linavyohesabu siku, na hiyo ni 3 Machi 2025. Chagua safu, kisha `Format > Number > Date`. Ukimaliza kuzungumza na mteja, usiguse karatasi ya Leo. Rudi Wateja, mpe tarehe mpya, naye ataondoka Leo mwenyewe.

Tulifuate sasa jedwali hilo kwa mteja mmoja wa mfano, tumwite W-014. Jumatatu tarehe 3 Machi anapiga simu kutokana na bango: muuguzi anayefanya kazi Mwananyamala, anataka vyumba viwili vyenye choo ndani na luku yake peke yake, shilingi 300,000 kwa mwezi, ahamie kabla mwezi haujaisha. Dalali mzoefu hakati simu bila swali moja zaidi: unalipa miezi mingapi? Anajibu mitatu. Hilo linaandikwa pamoja na bajeti kwenye Anachotaka, kwa sababu wenye nyumba wengi wa mjini hutaka miezi sita au mwaka mzima mkononi, na hapo ndipo biashara nyingi huvunjikia. Hatua: Mpya. Kufuatilia: tarehe 5. Cha kufanya: kumpa saa ya kwenda Sinza.

Alhamisi tarehe 6 anaonyeshwa nyumba Sinza. Kwenye Matukio linaingia tukio la Kuonyesha, na kwenye Alichosema yanaandikwa maneno yake: nyumba nzuri, ila maji ni ya kisima yenye chumvi. Ningesisitiza hapa kwamba yaandikwe maneno ya mteja, si tafsiri ya dalali. "Hakuipenda" haisaidii kitu. "Maji ya chumvi" inakueleza nyumba ya pili isiwe ipi. Jumamosi tarehe 8 anapelekwa Kijitonyama, kwenye nyumba ya dalali mwenzake yenye maji ya bomba, kodi 300,000. Anaipenda. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 1,800,000, naye ana ya mitatu.

Dalali asiye na jedwali huandika moyoni "hana hela" na kuendelea na safari. Kwenye jedwali W-014 anahamia Kuamua, na lazima apewe tarehe, kwa hiyo dalali analazimika kuuliza: lini utakuwa nayo? Mteja anasema zamu yake ya mchezo kazini ni tarehe 25, na mshahara unatoka siku zile zile. Tarehe 10 dalali anamwomba mwenye nyumba akubali minne, anakataa. Linaandikwa. Kufuatilia inawekwa tarehe 24, Cha kufanya: mkumbushe, kesho mchezo wake unatoka. Kati ya tarehe 10 na 24 hamsumbui mteja kwa simu za "vipi dada, umefikia wapi", bali mara moja tu anamuuliza mwenye nyumba kama nyumba bado ipo. Tarehe 24 jina linatokea Leo, simu inapigwa, na Alhamisi tarehe 27 mkataba unasainiwa. Kamisheni ni 300,000, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ya mwenzake wanagawana, kila mmoja 150,000.

Mstari wake haufungwi. Miezi sita kutoka 27 Machi inaishia 27 Septemba, kwa hiyo Kufuatilia inapata tarehe 25 Agosti: muulize kama anaendelea au anahama. Akihama, dalali anapata mambo mawili kwa simu moja, mteja anayemfahamu na nyumba itakayokuwa wazi mwezi mmoja baadaye. Wenzake watalijua hilo siku bango litakapotundikwa.

Mwisho wa mwezi ndipo jedwali linapoulizwa swali la pili, na hapa wengi hukosea hesabu. Tuseme walioulizia ni 30 na waliolipa ni 3. Je, walioonyeshwa ni wangapi? Ukihesabu wenye neno Kuonyeshwa kwenye safu ya Hatua utapata wachache mno, kwa sababu Hatua inaonyesha mteja alipo sasa, si alikopita. W-014 ameonyeshwa mara mbili, lakini Hatua yake inasema Amelipa. Jibu la kweli liko kwenye Matukio:

```
=COUNTUNIQUE(FILTER(Matukio!B2:B,
 Matukio!C2:C="Kuonyesha"))
```

Fomula hiyo inahesabu watu, kila mmoja mara moja, hata kama ameona nyumba nne. Katika mfano wetu inatoa 12, wakati mistari ya kuonyesha yenyewe ni 19. Hizo 19 ndizo nauli za bodaboda na mchana wa jua zilizotumika kupata malipo matatu.

Gawanya 30 hao kwa chanzo, na picha inabadilika. Instagram imeleta 16, walioonyeshwa 3, aliyelipa hakuna. Bango limeleta 9, walioonyeshwa 5, aliyelipa 1. Wateja wa zamani wamewaleta ndugu na rafiki 5, walioonyeshwa 4, waliolipa 2. Ukisikiliza mlio wa simu tu ungesema Instagram ndiyo inayolipa. Hata hivyo nisingemshauri dalali afunge ukurasa wake kwa mwezi mmoja. Malipo matatu ni machache mno kubeba uamuzi, na mtu aliyeulizia tarehe 28 Machi hawezi kutarajiwa awe amelipa kabla ya tarehe 31. Walioingia Machi wahesabiwe mwisho wa Mei, wakishamaliza safari yao. Namba ya haraka ya kutazama mapema ni wangapi kati ya waulizaji wanafika kuonyeshwa. Wale 13 wa Instagram ambao hawakufika wana sababu zao kwenye Matukio, na zikisomeka "bei" mara tisa, basi tatizo ni tangazo lisilo na bei, na hilo linarekebishika leo hii.

Kuna faida nyingine ambayo madalali wataielewa bila maelezo mengi. Ugomvi wa "mteja huyu ni wangu" huamuliwa kwa swali la nani alimwonyesha kwanza. Vivyo hivyo pale mteja na mwenye nyumba wanapozungukana na dalali na kukubaliana wenyewe. Mstari wenye tarehe, namba ya mteja, nyumba na maneno yake, ulioandikwa siku ile ile, hauhakikishi kwamba utalipwa, lakini unakupa cha kuweka mezani mbele ya mjumbe. Ujumbe wa WhatsApp wa kuthibitisha saa ya kuonana, usiofutwa, unauongezea nguvu. Mstari ulioandikwa wiki mbili baadaye kwa kukisia hauna uzito huo, ndiyo maana Matukio yaandikwe mkiwa bado mlangoni, au angalau kabla ya kulala.

Jedwali hili ni kitabu cha siri za watu: nani anahama, ana fedha kiasi gani, anaishi peke yake au la. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na dalali hayuko nje yake. Usiandike namba ya kitambulisho cha NIDA wala usihifadhi picha yake kwenye jedwali. Hivyo ni vya mkataba, kwa mwenye nyumba. Faili lisigawiwe kwa kiungo kinachofunguliwa na yeyote aliye nacho. Ukimwajiri kijana wa kukusaidia, mwongeze kwa barua pepe yake, na siku anayoondoka umtoe siku hiyo hiyo. Simu yenyewe iwe na namba ya siri.

Dalali anayetaka kuanza asiingize wateja wa mwaka mzima kwa usiku mmoja. Atachoka kabla ya kufika katikati. Achukue waliompigia wiki hii tu, awape namba kuanzia W-001, na kila mmoja ampe tarehe ya kupigiwa tena. Asiongeze safu ya kumi kabla mwezi haujaisha. Na asiyejua ampe mteja fulani tarehe gani, basi ampigie huyo leo amuulize.